Maelezo ya Mwongozaji: Andika Kile Filamu Isichoweza Kusema

Ukituma filamu fupi ya makala kwenye tamasha kupitia FilmFreeway, utakuta visanduku vitatu ambavyo wageni huvichanganya: Brief Synopsis, Director Biography na Director Statement. Cha kwanza ni muhtasari, unaeleza kinachotokea kwenye filamu. Cha pili ni wasifu, unaeleza wewe ni nani. Cha tatu ni maelezo ya mwongozaji, na hicho ndicho huwatoa watu jasho. Kazi yake ni kueleza kwa nini wewe, na si mwingine, ulisimama pale na kamera, na kwa nini ulipiga picha kwa namna ile.

Mwongozaji mmoja chipukizi aliniletea maelezo ya filamu yake ya kwanza, ya dakika 14, kuhusu fundi anayekalafati mashua. Aliandika: “Filamu hii inahusu kazi ya kukalafati, urithi wa thamani wa pwani unaopotea. Natumaini itaiamsha jamii ithamini utamaduni wake.”

Sentensi ya kwanza ni muhtasari, na umeshaandikwa kwenye kisanduku chake. Ya pili ungeweza kuibandika kwenye filamu ya ngoma, ya ususi au ya ufinyanzi, na isingebadilika neno. Lakini kosa kubwa ni lile neno “unaopotea”. Niliitazama filamu: fundi ana mashua tatu ufukweni zinazomsubiri na wenye vyombo wanamhimiza. Mteuzi wa tamasha aliyeahidiwa kazi inayokufa atakaa akiingoja, asiione, na atadhani filamu imeshindwa, kumbe ni maelezo yaliyompotosha.

Nikamuuliza maswali mawili. Huyu fundi ni nani kwako? Mbona sura yake haionekani hata mara moja? Akacheka kwa haya. Ni mjomba wake, na alikataa katakata kupigwa picha usoni. Siku mbili za mwanzo walivutana. Baadaye, akiwa kwenye uhariri, alisikia jambo ambalo ufukweni hakulitilia maanani: nyundo ya mti ikigonga pamba kati ya mbao, mlio huanza mtupu, kisha hujaa. Mjomba huacha kugonga mlio unapojaa. Hapo akaufuta muziki wote na sauti ya msimulizi.

Hayo yote hayakuwamo kwenye maelezo. Alipoandika upya, yalisomeka hivi:

“Fundi huyu ni mjomba wangu. Alikubali nipige picha mikono yake, akakataa uso, akisema kazi yake iko mkononi. Mwanzoni niliona ameniharibia filamu. Nilipokaa kuhariri ndipo nilipogundua kwamba yeye hafanyi kazi kwa macho. Husikiliza nyundo, na mlio ndio humwambia pamba imeshiba. Kwa hiyo niliondoa muziki na usimulizi, ili mtazamaji naye abaki na masikio tu.”

Maneno hayafiki sitini, na yamebeba mengi. Undugu umetajwa waziwazi. Ungefichwa na mteuzi akaugundua mwenyewe, angejiuliza ni kipi kingine kimefichwa. Ridhaa ya mhusika imeonekana pamoja na mpaka wake. Na ukosefu wa sura, ambao ungeweza kudhaniwa ni uzembe wa mpiga picha, sasa unasomeka kama uamuzi wenye sababu.

Matamasha mengine huweka kikomo cha maneno, basi soma masharti kwanza; pasipo na kikomo, usizidishe maneno 250. Usiombe radhi kwa kamera duni au bajeti ndogo, kwa sababu utakuwa umemwelekeza msomaji atazame kasoro. Kama tamasha linataka Kiingereza, andika kwanza kwa Kiswahili, kisha tafsiri. Ukianza na lugha ambayo hujaizoea, utakimbilia maneno makubwa ya kuazima, na “urithi unaopotea” utarudi kwa mlango wa nyuma.

Kabla ya kutuma, tazama filamu yako, kisha pitia maelezo ukiwa na kalamu. Kila sentensi inayorudia kile ulichokwisha kukiona, ikate. Kila sentensi inayoahidi usichokiona, ikate pia. Kitakachobaki ndicho cha kutuma.

Halafu msomee aliye ndani ya filamu, kwani maneno haya huweza kuchapishwa kwenye kijitabu cha tamasha na yatamhusu yeye kuliko wewe. Yule mwongozaji alimsomea mjomba wake. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akarekebisha neno moja tu: “Mwanangu, mimi sisikilizi nyundo. Nasikiliza mbao.” Mwongozaji akalibadilisha, na hiyo ndiyo sentensi bora kuliko zote katika maelezo yale.