Wavutaji 41 kwa 28: hesabu ya kai-mraba inasema nini?

Kati ya Aprili 1948 na Oktoba 1949, maofisa wa ustawi wa jamii walipita katika wodi za hospitali 20 za London wakiwa na hojaji. Walikuwa wametumwa na Richard Doll na Austin Bradford Hill, waliotaka kujua kwa nini saratani ya mapafu ilikuwa ikiongezeka Uingereza. Kila mgonjwa wa saratani hiyo alilinganishwa na mgonjwa mwingine wa jinsia yake, wa umri unaokaribiana na wake, aliyelazwa kwa maradhi mengine. Wote waliulizwa kuhusu uvutaji wao. Mvutaji alihesabiwa kuwa mtu yeyote aliyewahi kuvuta angalau sigara moja kwa siku kwa muda wa mwaka mzima.

Matokeo ya wanaume yalikuwa ya kushtua. Ya wanawake ndiyo yaliyohitaji hesabu, kwa sababu walikuwa wachache na tofauti yao haikuwa ya kupindukia:

| | Wavutaji | Wasiovuta | Jumla |
|---|---|---|---|
| Wenye saratani ya mapafu | 41 | 19 | 60 |
| Wenye maradhi mengine | 28 | 32 | 60 |
| Jumla | 69 | 51 | 120 |

Upande wa saratani wavutaji ni asilimia 68, upande wa pili ni asilimia 47. Mtu ataona pengo hilo na kusema jambo limeisha. Lakini ukichukua wanawake 60 wowote, kisha wengine 60, hutapata idadi ileile ya wavutaji hata kama makundi hayo hayatofautiani kwa lolote. Bahati peke yake huleta tofauti. Swali ni kama bahati inaweza kuleta tofauti kubwa kiasi hiki, na hilo ndilo linalojibiwa na jaribio la kai-mraba, lililobuniwa na Karl Pearson mwaka 1900.

Jaribio huanza kwa kudhani kwamba uvutaji na saratani havihusiani hata kidogo. Kama ni hivyo, wavutaji 69 wangegawanyika kati ya makundi mawili kulingana na ukubwa wa kila kundi. Ili kupata idadi inayotarajiwa katika kisanduku kimoja cha jedwali, unazidisha jumla ya mstari wake kwa jumla ya safu yake, halafu unagawanya kwa jumla kuu. Kwa wavutaji wenye saratani ni 60 mara 69, gawanya kwa 120, unapata 34.5. Kwa kuwa makundi yanalingana, wavutaji wa upande wa pili nao wanatarajiwa kuwa 34.5, na wasiovuta ni 25.5 kila upande. Hakuna nusu mtu wodini, lakini usiikate hiyo nusu: huu ni wastani wa kile ambacho kingetokea kama uchunguzi ungerudiwa mara nyingi.

Sasa linganisha kilichoonekana na kilichotarajiwa. Wavutaji wenye saratani walikuwa 41, wamezidi matarajio kwa 6.5. Wenye maradhi mengine walikuwa 28, wamepungua kwa 6.5. Visanduku vya wasiovuta navyo vimeachana na matarajio kwa 6.5 hiyohiyo. Ukizijumlisha tofauti hizo kama zilivyo, zinafutana na kuwa sifuri, ndiyo maana kila moja huzidishwa kwa yenyewe: 6.5 mara 6.5 ni 42.25. Kisha unaigawanya kwa idadi iliyotarajiwa, maana kukosea kwa watu sita pale ulipotarajia 30 si sawa na kukosea kwa sita pale ulipotarajia 3,000. Kwa 34.5 unapata 1.22, kwa 25.5 unapata 1.66. Visanduku viko viwili viwili, kwa hiyo jumla ya vyote vinne ni 5.76. Hiyo ndiyo kai-mraba, na ndiyo namba iliyochapishwa katika jarida la kitabibu la Uingereza mnamo Septemba 1950.

Namba hiyo haina maana mpaka uijue digrii yake ya uhuru. Katika jedwali letu, ukishajua jumla za pembeni na kisanduku kimoja tu, vingine vitatu vinajijaza vyenyewe. Kwa hiyo uhuru ni mmoja. Pearson mwenyewe alilikosea jambo hili, na Ronald Fisher ndiye aliyelisahihisha mwaka 1922. Kwa digrii moja, mpaka unaotumiwa na wengi ni 3.84: bahati peke yake huuvuka mara 5 tu katika kila 100. Kufikia 5.76 au zaidi, bahati ingeweza takribani mara 16 katika kila 1,000. Ni vigumu kuendelea kudai kwamba hakuna uhusiano.

Kwa wanaume, 647 kati ya 649 wenye saratani walikuwa wavutaji, ikilinganishwa na 622 kati ya 649 wa upande wa pili. Kisanduku cha wasiovuta wenye saratani kina watu wawili tu, na hapo wengi hushtuka, maana wamefundishwa kwamba kila kisanduku kiwe na angalau watano. Kanuni hiyo inahusu idadi inayotarajiwa, si iliyoonekana. Iliyotarajiwa hapa ni 14.5. Kai-mraba inatoka karibu 22, na uchache wa hao wawili ndio habari yenyewe.

Tuseme sasa hitimisho kwa lugha ya kawaida: katika wagonjwa waliohojiwa, wanawake wenye saratani ya mapafu walikuwa wavutaji zaidi kuliko wanawake wenye maradhi mengine, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoelezeka kwa bahati. Basi. Usiseme kwamba asilimia 59 ya wavutaji hupata saratani kwa kuwa 41 kati ya 69 walikuwa nayo. Watafiti ndio walioamua kuchukua 60 kwa 60, na mitaani wagonjwa si nusu ya watu. Usiseme pia kwamba jaribio limethibitisha kuwa sigara ndiyo chanzo. Hilo Doll na Hill walilitafutia ushahidi mwingine. Mmojawapo naupenda sana: baadhi ya waliohojiwa kama wagonjwa wa saratani ya mapafu walikuja kugundulika kuwa hawana, na uvutaji wao ulifanana na wa wagonjwa wa maradhi mengine. Kama wahojaji wangekuwa wanayapendelea majibu, hao nao wangeonekana wavutaji wakubwa. Doll mwenyewe aliacha kuvuta kabla utafiti haujaisha.

Kai-mraba pia haipimi nguvu ya uhusiano. Chukua asilimia zilezile za wanawake, lakini wawe 12 kwa 12: namba inashuka hadi 1.15 na hakuna la kutangaza. Wawe 600 kwa 600, inapanda hadi 57.6. Uhusiano haujabadilika, ni idadi ya watu iliyobadilika. Ndiyo maana namba ndogo haimaanishi kwamba hakuna uhusiano, huenda watu hawakutosha. Na ndiyo maana hesabu hii hufanywa kwa idadi ya watu, kamwe si kwa asilimia, na kila mtu ahesabiwe katika kisanduku kimoja tu. Hojaji inayomruhusu mtu kuchagua majibu matatu kwa swali moja haifai kuingizwa hivihivi.

Basi ukikuta ripoti ya uchunguzi wa maoni inayodai kuwa mambo mawili yanahusiana, na imekupa asilimia tupu, waombe waandishi wake jedwali la idadi. Ukiwa na namba nne kama zile za London, kalamu na karatasi vinatosha kuwahakiki.