Kwa Nini Mrija Mrefu Haukufikishi Chini

Snokeli ya dukani huwa na urefu wa sentimita 35 hadi 40 hivi, na tundu lake lina upana wa kama sentimita mbili. Anayeelea juu ya matumbawe ya Mnemba au Kisite, akitazama samaki walio mita mbili chini yake, hujiwa na wazo: mrija huu ungekuwa mrefu zaidi, si ningeshuka nikatulia nao huko huko? Wazo lenyewe si la kijinga, na wapo wanaolijaribu kwa kipande cha mpira wa kumwagilia bustani. Halifanikiwi, hata mpira uwe mzuri namna gani. Sababu ni mbili. Ya kwanza hutajwa sana, nayo ina dawa. Ya pili hutajwa kwa nadra, na hiyo ndiyo yenye hatari kubwa.

Tuanze na hiyo ya kwanza. Mtu mzima aliyetulia huvuta kama mililita 500 za hewa kwa kila pumzi. Si zote zinazomfaa. Kiasi cha mililita 150 huishia puani, kooni na kwenye mabomba ya kifua, mahali ambapo damu haipokei chochote, kisha hutoka kama zilivyoingia. Wataalamu wa mwili huiita sehemu hiyo nafasi mfu. Tena, mtu anapotoa pumzi, nafasi hiyo hubaki imejaa hewa iliyotumika, yenye hewa ya ukaa, na hewa hiyo ndiyo ya kwanza kurudi mapafuni katika pumzi inayofuata.

Ukitia mrija mdomoni umeirefusha nafasi hiyo. Snokeli ya sentimita 38 yenye tundu la sentimita mbili hubeba karibu mililita 120. Kwa hiyo katika pumzi ya mililita 500, hewa mpya inayofika mapafuni inashuka kutoka mililita 350 hadi 230. Mwili huligundua jambo hilo haraka na kuvuta pumzi kubwa zaidi, na muogeleaji huendelea vizuri bila hata kujua. Lakini refusha mrija ule ule ufike mita moja: sasa unabeba zaidi ya mililita 310, na kati ya zile 500 hewa mpya ni kama mililita 40 tu. Kwa mrija wa mita moja na nusu, pumzi ya kawaida haileti hewa mpya kabisa. Mtu anavuta na kutoa hewa yake mwenyewe, na hewa ya ukaa inajilimbikiza katika damu.

Hapa kuna jambo ambalo kila mwenye snokeli, hata ile fupi, anapaswa kulijua. Aliyeshtuka, labda kwa maji kuingia mdomoni au kwa mkondo kumvuta, huanza kuhema juu juu. Pumzi ya kuhema inaweza kuwa mililita 250 tu. Jumlisha nafasi mfu ya mwili na ya mrija, unapata 270. Kifua kinapanda na kushuka mbio mbio, lakini hewa mpya inayofika ni kidogo mno. Dalili zake ni kiu ya hewa isiyokatika, kichwa kuuma, na hofu inayozidi, na hofu hiyo humfanya aheme zaidi. Dawa ni kutoa pumzi ndefu mpaka mwisho, kisha kuvuta taratibu na kwa kina. Isiposaidia, geuka chali utoe mrija mdomoni.

Dawa hiyo hiyo inaonyesha kwamba nafasi mfu peke yake haimzuii mtu kutumia mrija mrefu. Mwenye kuvuta lita moja na nusu kwa utulivu, kupitia mrija wa mita moja, bado anapata lita moja ya hewa mpya. Anaweza pia kuvuta kwa mdomo na kutoa kwa pua, na hapo mrija haubaki na hewa chafu. Mwingine atachagua mpira mwembamba. Ule wa bustani wa nusu inchi, kwa urefu wa mita moja, hubeba mililita 127 hivi, karibu sawa na snokeli. Hewa hupita humo kwa taabu, lakini hupita. Kaa kitako nchi kavu ujaribu njia yoyote kati ya hizi, utapumua. Ndiyo maana wengi hudhani tatizo wamelimaliza.

Kinachobaki ni uzito wa maji, na huo hauna ujanja. Kwa kila mita moja ya kina, maji hukandamiza kila sentimita ya mraba ya mwili kwa nguvu ya kama gramu 100. Sehemu ya kifua yenye sentimita 30 kwa 30, ikiwa mita moja chini, inabeba kilo 90, yaani gunia zima la mahindi. Hewa iliyo ndani ya mapafu, kwa kuwa imeunganishwa na anga kupitia mrija, ina shinikizo la juu ya maji. Haisukumi nje kwa nguvu inayolingana na hiyo. Kutoa pumzi kunakuwa rahisi kupita kiasi, maana maji yenyewe yanaikamua. Kuvuta ndiko kazi. Misuli ya kifua na kiwambo ya kijana mwenye afya, ikijikaza kwa uwezo wake wote, hufikia mvuto unaolingana na karibu mita moja ya maji, na hiyo ni kwa muda mfupi tu. Hakuna anayeweza kurudia jitihada hiyo katika kila pumzi.

Daktari wa Austria, Robert Stigler, alilipima jambo hili kwa mwili wake mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1911. Kadiri alivyoshuka na mrija, muda aliovumilia ulipungua kutoka dakika hadi sekunde, na alipofika kina cha mita mbili moyo wake ulitanuka na kuumia. Madhara hayo yana chanzo kinachoeleweka. Maji yanakandamiza miguu, tumbo na mikono, lakini ndani ya kifua shinikizo ni dogo. Damu inakimbilia huko, inaujaza moyo kupita kiasi na kujaza vishipa vya mapafu, hadi majimaji yanaweza kuvuja na kuingia katika vifuko vya hewa.

Anayezama kwa pumzi moja hapatwi na haya katika kina hicho. Hewa aliyoifunga mapafuni hubanwa pamoja naye, na shinikizo lake linalingana na la maji. Mwenye mtungi naye yuko salama kwa sababu kidhibiti, kifaa ambacho Jacques Cousteau na Émile Gagnan walikitengeneza mwaka 1943, humpa kila pumzi kwa shinikizo la kina alichopo. Na mzamiaji wa kompresa, ambaye mpira wake unaweza kuwa wa makumi ya mita, anapumua kwa sababu juu kuna mashine inayosukuma hewa kushinda uzito wa maji. Mashine hiyo ikizimika au mpira ukikatika karibu na uso wa maji, na kusiwe na vali ya kuzuia hewa kurudi, mpira huo unageuka papo hapo kuwa snokeli ndefu, na maji yanaanza kuikamua hewa ya mapafu yake kuelekea juu. Anachopaswa kufanya ni kuuachia mpira mdomoni na kupanda huku akitoa pumzi.