Tundu Lisilo na Uzi

Bamba la alumini linafungwa juu ya kitako cha chuma kwa boliti ya M6 yenye kichwa cha silinda. Kwenye mchoro, tundu la bamba limeandikwa hivi:

```
⌀6.6 THRU
⌴ ⌀11 ↧6.5
```

Maana yake, keekee ya milimita 6.6 inatoboa hadi upande wa pili, kisha mdomo unapanuliwa hadi 11, kwa kina cha 6.5. Kichwa cha boliti kina kipenyo cha 10 na kimo cha 6, hivyo kinazama chote. Boliti ya kichwa bapa ingehitaji alama ⌵, na mdomo wa mshazari wenye pembe, kwa kawaida 90°.

Kitako kina tundu la uzi:

```
⌀5 ↧16
M6x1 ↧12
```

Hapa pana vina viwili kwa sababu ncha ya chombo cha kukata uzi haikati uzi kamili, na vumbi la chuma nalo linahitaji pa kukaa.

Katika SolidWorks, tundu likitengenezwa kwa Hole Wizard, modeli hukumbuka vipimo hivi vyote na mchoro huviandika wenyewe. Anayechora duara la milimita 5 na kulikata tu, hupata silinda tupu. Programu haijui kuwa ni uzi.

Hata uzi wa Hole Wizard kwa kawaida ni alama tu, na faili la STEP huiacha nyuma. Karakana ikipokea STEP bila mchoro, itatoboa 5 na kuishia hapo. Kosa litaonekana siku ya kuunganisha, M6 itakapogoma kuingia.