Je, Wajua? Moyo Ulio Kulia Kwenye Simu Huenda ni Filamu Iliyogeuzwa

Je, wajua kwamba ukungu wa Molo ni mwanga mzuri wa kupigia picha filamu ya eksirei? Mji huu uko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi nyingi dirisha huwa jeupe tupu, bila jua kali wala vivuli. Ndiyo maana mtu akitoka hospitalini na filamu yake, huiegemeza kwenye kioo, akaipiga kwa simu na kumtumia ndugu aliye Nakuru. Shida ni kwamba filamu inapenyeza mwanga pande zote mbili. Ukiishika kinyumenyume, bado inaonekana sawa kabisa.

Tuseme umepokea picha kama hiyo. Katikati kuna safu ya mifupa iliyosimama wima, mbavu zimejipinda pande zote mbili, na kati yake mna maeneo mawili meusi. Hicho ni kifua. Mapafu ni meusi kwa sababu hewa huyapitisha mawimbi ya eksirei bila kizuizi kikubwa, na mfupa ni mweupe kwa kuwa huyazuia. Mitulinga miwili, ile mifupa myembamba ya chini ya shingo, iwe juu. Ikiwa iko chini, zungusha simu kwanza.

Sasa tafuta herufi. Mpiga eksirei huweka alama ya risasi pembeni mwa picha: R kwa upande wa kulia wa mgonjwa, L kwa kushoto. Picha ya kifua hutazamwa kana kwamba mgonjwa amekuelekea, kwa hiyo kulia kwake kuko kushoto kwako. R ikisomeka vizuri na iko kushoto kwako, filamu imeshikwa sawasawa. R ikiwa imegeuka kama maandishi ndani ya kioo, na iko kulia kwako, filamu ilipigwa kwa nyuma. Igeuze kabla ya kusema neno lolote. Ikisomeka vizuri lakini iko upande usiotarajiwa, wa kujibu ni aliyepiga eksirei, si wewe.

Wengi huiruka herufi na kuutazama moyo, wakijua kwamba sehemu yake kubwa huelekea kushoto. Wengine hutafuta kiputo cheusi cha hewa ya tumbo chini ya kiwambo cha kushoto. Ishara hizo husaidia, ila wako watu wachache waliozaliwa na moyo upande wa kulia, na baadhi yao hata tumbo na ini vimebadilishana nafasi. Picha sahihi ya mtu kama huyo hufanana na picha ya kawaida iliyogeuzwa. Herufi ndiyo inayotenganisha hizo mbili, nayo ndiyo ya kwanza kukatwa mtu anapopunguza kingo za picha.

Je, wajua pia kwamba moyo uleule unaweza kuonekana mkubwa au mdogo kulingana na mahali mashine iliposimama? Mgonjwa anayeweza kusimama hubandika kifua kwenye bamba, na mawimbi humwingia kwa mgongoni kutoka umbali wa takriban sentimita 180. Hiyo huandikwa PA. Aliye kitandani huwekewa bamba mgongoni, mashine ikiwa mbele yake na karibu zaidi, mara nyingi kama sentimita 100. Hiyo ni AP. Moyo uko karibu na kifua kuliko mgongo, kwa hiyo katika AP uko mbali na bamba na kivuli chake hupanuka, jinsi kivuli cha mkono kinavyokua ukutani ukiusogeza karibu na taa.

Kama hakuna maandishi, angalia makombe ya mabega. Kwa PA mgonjwa huambiwa asukume mabega mbele, na makombe hutoka nje ya mapafu. Kwa AP mara nyingi hubaki yamefunika sehemu ya mapafu. Lakini mgonjwa asiyeweza kusukuma mabega vizuri hukuchanganya hata kwa PA, basi ishara hii ni ya kukisia tu.

Ukiona uti wa mgongo uko upande mmoja, mfupa wa kidari upande wa pili, na mbavu zimelaliana, hiyo ni picha ya ubavuni. Mara nyingi ubavu wa kushoto ndio huwekwa kwenye bamba ili kivuli cha moyo kisipanuke sana.

Kutambua sehemu na upande si kusoma ugonjwa. Hiyo ni kazi ya daktari mwenye filamu yenyewe. Ukituma picha, funika jina la mgonjwa, lakini acha kingo zote nne, herufi, na maneno PA au AP kama yapo.