Kreatini kwa Anayefanya Mazoezi Mara Mbili kwa Juma: Mizani, Nguvu na Kipimo cha Figo

Chukulia mhasibu mwenye umri wa miaka 38, mkazi wa Mbagala wilayani Temeke, ambaye ofisi yake iko Posta. Huondoka nyumbani alfajiri, huketi kitini karibu siku nzima, na hurejea giza limekwisha kuingia. Hunyanyua vyuma Jumanne jioni na Jumamosi asubuhi katika jimu ya mtaani. Uzito wake ni kilo 74. Mwenzake amemshauri anunue kopo la kreatini, akimhakikishia kwamba mwezi mmoja unatosha kubadili umbo. Wiki nne baadaye mizani inasoma kilo 75.5, naye anaamini kuwa kilo moja na nusu iliyoongezeka ni misuli. Wiki ya sita anapimwa afya kazini, na kreatinini katika damu yake inakutwa maikromoli 120 kwa lita. Anaambiwa kuwa huenda figo zake zina hitilafu. Namba zote mbili ni sahihi. Kinachohitaji kuangaliwa upya ni tafsiri yake.

Kreatini si homoni, wala si kitu kigeni mwilini. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliitenga kutoka kwenye nyama mwaka 1832. Mwanamume mwenye uzito kama wa mhasibu huyu ana takribani gramu 120, karibu zote zikiwa ndani ya misuli. Kila siku kiasi cha gramu 2 hugeuka kuwa kreatinini na kutolewa na figo kupitia mkojo. Pengo hilo huzibwa kwa njia mbili: mwili hutengeneza nusu yake, na nusu nyingine hutoka kwenye nyama na samaki. Kwa hiyo mtu ambaye sahani yake ya kawaida ni ugali, maharage na mchicha huwa na akiba ndogo kuliko anayekula nyama au samaki kila siku, na ndiye anayeelekea kuona tofauti kubwa zaidi anapoanza kutumia unga wa kreatini. Yule mwingine ghala lake tayari limekaribia kujaa.

Kazi ya akiba hiyo ni ya sekunde chache. Msuli unapofanya juhudi kubwa ya ghafla, nishati yake ya papo kwa papo, yaani ATP, huisha upesi. Fosfokreatini huirudisha haraka, lakini kwa takribani sekunde kumi tu. Ndiyo maana kreatini humsaidia anayenyanyua chuma kizito mara nane, ilhali humsaidia kidogo sana anayetembea au kukimbia polepole ufukweni Kunduchi. Tena haijengi msuli yenyewe. Humwezesha mtu kuongeza rudio moja au mawili katika seti za mwisho, na ni kazi hiyo ya ziada inayousukuma msuli kukua. Siku ambayo mazoezi hayakufanyika, hakuna cha kuongeza.

Mhasibu wetu husukuma kifuani chuma cha kilo 50 kwa seti tatu. Kabla ya kreatini alikuwa akipata marudio 8, kisha 7, kisha 5. Akiba ikishajaa, ni jambo la kawaida kupata 8, 8 na 6 au 7. Mapitio ya tafiti 22 yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kuwa nguvu za waliofanya mazoezi bila kreatini ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 12, na za waliotumia kreatini kwa asilimia 20. Kwa chuma cha kilo 50, hiyo ni tofauti kati ya kufika kilo 56 na kufika kilo 60. Hata hivyo, washiriki wengi wa tafiti za aina hii hufanya mazoezi zaidi ya mara mbili kwa juma. Mhasibu atarajie tofauti iliyo ndogo kuliko hiyo, na aitafute kwenye daftari la mazoezi baada ya miezi mitatu, wala si kwenye kioo baada ya mwezi.

Kuhusu umbo, kilo moja na nusu iliyoonekana kwenye mizani kwa sehemu kubwa ni maji. Kreatini inapoingia ndani ya seli za misuli huvuta maji pamoja nayo, na ongezeko la kilo moja hadi mbili katika majuma ya mwanzo ni la kawaida. Si mafuta, na bado si msuli mpya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2025, waliwapa washiriki gramu 5 kwa siku kwa juma moja kabla ya mazoezi kuanza. Juma hilo waliongezeka uzito usio wa mafuta kwa takribani nusu kilo. Baada ya majuma 12 ya mazoezi, kundi la kreatini na kundi lisilotumia yalikuwa yameongezeka sawa. Ama tumbo la ofisini, kreatini hailipunguzi kabisa. Hilo huamuliwa na chakula na mwendo wa kila siku.

Matumizi yake ni rahisi. Kreatini monohaidreti ya kawaida inatosha. Aina za bei ya juu hazijathibitika kuwa bora. Kipimo ni gramu 3 hadi 5 kila siku, hata siku isiyo ya mazoezi, kwa kuwa lengo ni kuweka ghala likiwa limejaa. Ghala hilo hujaa baada ya takribani wiki nne. Baadhi ya watu huanza na gramu 20 kwa siku kwa siku tano hadi saba ili lijae haraka, lakini kwa mfanyakazi wa ofisi haraka hiyo haina faida, na dozi kubwa huweza kuharisha. Unga uchanganywe wakati wa kunywa. Ukikaa ndani ya maji kutwa nzima, sehemu yake hugeuka kuwa kreatinini isiyo na kazi.

Hapo ndipo suala la figo linapoingia. Maabara hukadiria utendaji wa figo kwa kupima kreatinini, na anayetumia kreatini huweza kuwa nayo zaidi hata kama figo ni nzima. Nyama choma ya jana usiku na mazoezi mazito ya siku mbili zilizotangulia huweza pia kuipandisha. Lakini kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza: kulaumu unga na kuondoka. Shinikizo la damu na kisukari huharibu figo kimyakimya kwa miaka.

Mhasibu anapaswa kumwambia daktari anachotumia, kupimwa shinikizo la damu, sukari na albumini ya mkojo, na ikiwezekana sistatini C, ambayo haitokani na kreatini. Kisha aache unga kwa wiki nne hadi sita na kurudia kipimo bila nyama wala vyuma katika siku mbili za mwisho. Kreatinini ikishuka na mkojo ukiwa safi, chanzo kilikuwa kopo. Isiposhuka, tatizo ni la kweli, na uchunguzi uendelee.

Mwenye ugonjwa wa figo asianze kreatini bila ruhusa ya daktari wake. Anayetumia ARV naye aulize kwanza: tenofovir huweza kuathiri figo, na dolutegravir hupandisha kreatinini bila kudhuru figo, hivyo unga huo utazidi kutatiza usomaji wa kipimo. Kwa wengine wote, jambo la busara ni kupima kreatinini na shinikizo la damu kabla ya kufungua kopo, na kuiandika namba hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari lile lile la mazoezi.