Your au You're, Whose au Who's: Kosa Linalopita Bila Kuonekana

Your na you're hutamkwa karibu sawa, na whose na who's hutamkwa sawa kabisa. Anayeandika kwa haraka huandika anachokisikia. Kompyuta nayo mara nyingi haisemi kitu, kwa kuwa maneno yote manne ni sahihi kwa tahajia. Kilichokosewa ni mahali yalipowekwa. Kosa hupita hadi kwa mteja.

Tofauti iko kwenye ritifaa, ile alama iliyomo katika ng'ombe. Kwa Kiingereza, hapa inashika nafasi ya herufi zilizoachwa: you're ni you are, na who's ni who is au who has. Your na whose ni vimilikishi, na hakuna herufi iliyoondolewa. Kinachowapotosha wengi ni nomino. Mtu amezoea kuandika the client's invoice, yaani ankara ya mteja, ambapo ritifaa huonyesha umiliki. Basi huona who's nayo itafaa. Lakini kanuni hiyo ni ya nomino. Vimilikishi vya namna hii, kama his, its, your na whose, havina ritifaa.

Tuseme karani wa mauzo ameandika hivi:

"Your invited on Monday. Please bring you're invoice. Who's signature is on the contract, and whose coming with you?"

Yote manne yamekosewa. Njia ya kuyapima ni kurefusha. "Please bring you are invoice" haina maana, kwa hiyo panatakiwa your. "Who is signature" haisimami, wala "who has signature is", basi ni whose. Kwingineko, "you are invited" na "who is coming" zinasimama vizuri. Hapo ni you're na who's. Has isisahaulike: "Who's signed the contract?" ni sahihi, maana yake ni nani ametia saini.

Whose pia si ya watu peke yao. "The company whose invoice is late" ni Kiingereza safi, wala hakuna haja ya kuikwepa.

Katika barua pepe rasmi kwa mteja, ni bora kuandika you are na who is kwa ukamilifu. Rasimu ikishakamilika, ritifaa zinaweza kutafutwa kwa Ctrl+F na kila you're au who's ikarefushwa. Penye kosa, sentensi itajivunja yenyewe. Utafutaji huo hauwezi kunasa your iliyokaa mahali pa you're, kama katika "your welcome" au "your not on the list". Hizo hunaswa kwa macho tu: baada ya your lazima ifuate nomino, hata kama imetanguliwa na kivumishi, kama katika "your late payment". Isipokuwepo, andika you are.