Jani la Descartes Linapinda Kiasi Gani?

Mwaka 1638 René Descartes alimpa Pierre de Fermat mtihani. Alimtaka atafute mstari unaogusa mkunjo mmoja mgumu, akiamini kwamba njia ya Fermat ingekwama hapo. Haikukwama. Mkunjo wenyewe, kwa alama za leo, unaweza kuandikwa hivi:

x³ + y³ = 6xy

(Namba iliyo mbele ya xy inaweza kuwa nyingine, nimechukua 6 kwa kuwa hesabu zake hutoka safi.) Ukiuchora, upande wa juu kulia unapata kitanzi chenye umbo la jani, na jina la jani la Descartes limetokana na umbo hilo.

Shida ni kwamba y haikai peke yake upande mmoja. Kuitenga ni kazi ya kuchosha, tena x moja inaweza kuwa na y tatu. Basi tunaiacha ilipo, ila tunakumbuka kuwa x ikisogea, y nayo inasogea. Kasi ya kusogea huko ndiyo kinyambuo cha kwanza, y′, yaani mteremko wa mkunjo. Kinyambuo cha pili, y″, kinasema mteremko wenyewe unabadilika kwa kasi gani. Kwa dereva, y′ ni uelekeo wa gari, na y″ inahusu jinsi alivyokata usukani.

Tunyambue pande zote mbili. Kipeo y³ kinatoa 3y²y′. Katika 6xy vitu viwili vinasogea kwa pamoja, kwa hiyo tunapata 6y + 6xy′. Tukigawa kote kwa 3:

x² + y²y′ = 2y + 2xy′

Chukua nukta (3, 3), ambayo imo kwenye mkunjo kwa sababu 27 + 27 = 54, na 6 × 9 ni 54 pia. Ukiweka 3 kila mahali unapata 9 + 9y′ = 6 + 6y′, hivyo y′ = −1.

Sasa cha pili. Vitabu vingi hutenga y′ iwe sehemu, kisha huinyambua sehemu hiyo. Mimi naona ni heri kurudi kwenye mstari ule wa juu, kabla ya kugawa chochote, na kuunyambua tena:

2x + 2y(y′)² + y²y″ = 4y′ + 2xy″

Tazama y²y′ ilivyogeuka. Kunyambua y² kunatoa 2yy′, na hiyo inazidishwa na y′ iliyokuwapo tangu mwanzo. Ndiyo maana y′ ina kipeo cha pili. Sasa tu ndipo −1 inaingia:

6 + 6 + 9y″ = −4 + 6y″

Kwa hiyo y″ = −16/3. Alama ya kutoa inasema kwamba hapo mkunjo unainamia chini.

Anayeiweka −1 kabla ya kunyambua ameigandisha y′, na kitu kilichoganda hakina kasi ya kubadilika. Kosa hilo huonekana upesi. La hatari zaidi ni kusahau kile kipeo cha pili: jibu linakuwa −4/3, nalo ni hasi vilevile, kwa hiyo mchoro hautakushitaki. Namba ndizo zitakazokushitaki. Sogeza x hadi 3.01. Mstari mguso unadai y iwe 2.99, lakini mkunjo wenyewe una y ya 2.989726 hivi, pungufu kwa 0.000274. Nusu ya 16/3 mara 0.01² ni 0.000267, karibu sana. Kwa 4/3 ungepata 0.000067, ambayo ni mbali mno.

Ukitaka fomula ya nukta yoyote, badala ya −1 unaweka

y′ = (2y − x²)/(y² − 2x)

na ukurasa unajaa. Usikate tamaa mapema: ndani ya vurugu hiyo x³ + y³ − 6xy inajitokeza nzima nzima, nayo kwenye mkunjo huu ni sifuri. Kinachobaki ni

y″ = −16xy/(y² − 2x)³

Ukiweka (3, 3) unapata −144/27, yaani −16/3 ileile.

Asili ya sehemu hiyo ikiwa sifuri, fomula inanyamaza. Karibu na x = 3.17, y = 2.52, mkunjo unasimama wima na mteremko hauna thamani. Kwenye (0, 0) unapata sifuri juu ya sifuri, lakini sababu ni nyingine: mkunjo unajikata, na njia mbili zinapita nukta moja. Lazima useme unafuata ipi. Ile inayolala juu ya mhimili wa x ni karibu y = x²/6, na kwa hiyo y″ yake hapo ni 1/3. Ile nyingine inapita wima, nayo haina y″ kabisa.